Linki Iliyo Chini ya Video: Nani Analipwa Ukibonyeza, na Kwa Nini Lazima Aseme

Leo tunaongea kuhusu kitu ambacho pengine ulikibonyeza jana usiku bila kukifikiria. Ulikuwa unatazama video ya fundi akionyesha jinsi ya kushona sare ya shule, akasema, "Cherehani ninayotumia nimewawekea linki hapo chini." Ukashuka chini ya video, ukabonyeza, duka la mtandaoni likafunguka, ukalipa kwa simu. Pesa zako zilifika dukani. Lakini baadaye sehemu ndogo ya mauzo hayo itarudi kwa yule fundi. Hiyo inaitwa linki ya komisheni.

Tunapata maswali kutoka pande zote mbili. Wanunuzi huuliza kama wanatozwa zaidi kwa sababu ya linki. Wenye video nao huuliza mbona komisheni iliyoingia kwenye simu ni ndogo kuliko ile waliyohesabu. Tutajibu maswali hayo kwa mfano mmoja, kisha tuingie kwenye lile ambalo wengi hulikwepa: ni lini lazima useme kwamba unalipwa, unasemaje, na ni bidhaa gani hufai kuweka hapo hata kama inalipa vizuri.

Linki inajuaje kwamba ni wewe?

Tuseme kuna fundi wa cherehani Nakuru, ana chaneli ya YouTube yenye wafuasi 4,000. Amejiandikisha kwa mpango wa komisheni wa duka moja la mtandaoni. Duka limempa namba yake, na kila linki anayotengeneza hubeba namba hiyo mwishoni. Hivi ndivyo inavyoonekana:

```
https://duka.example/cherehani-nyeusi?aff=fundi254
```

Sehemu ya kwanza ni ukurasa wa bidhaa. Ile `aff=fundi254` ndiyo inayoliambia duka mteja ametoka kwa nani. Ukibonyeza, duka huweka alama ndogo kwenye simu yako, inayoitwa kuki, ili ukirudi kununua baadaye bado likumbuke. Alama hiyo ina muda wake. Kwa Amazon, muda wa kawaida ni saa 24. Maduka mengine hutoa siku kadhaa, na mwenye video anafaa kusoma mkataba wake ajue ni ngapi.

Jambo moja huwashangaza wengi: maduka mengi humlipa aliyebonyezewa wa mwisho. Ukibonyeza linki ya fundi wa Nakuru Jumatatu, halafu Jumatano ubonyeze ya mtu mwingine kabla ya kununua, komisheni inaenda kwa huyo wa pili.

Na je, mnunuzi anatozwa zaidi? Kwa kawaida hapana. Duka hulipa komisheni kutoka kwa faida yake, na bei huwa ileile kwa anayekuja kwa linki na anayekuja mwenyewe. Kama hauamini, fungua duka upya bila linki, tafuta bidhaa hiyohiyo, ulinganishe. Ukipata tofauti, umepata sababu ya kuuliza maswali.

Mbona pesa zilizoingia ni chache?

Turudi kwa fundi wetu. Cherehani anayoitangaza ni ile nyeusi ya miguu, tuseme bei yake ni shilingi 18,000, na duka hulipa komisheni ya asilimia 4. Kwa kila cherehani moja, hiyo ni shilingi 720. Mwezi huo watu 9 waliagiza kupitia linki yake. Akapiga hesabu ya haraka: 720 mara 9 ni 6,480. Akaanza kuipangia kazi.

Mwisho wa mwezi simu ikaingiza shilingi 4,104. Hapo ndipo hutupigia.

Hakuna aliyeiba. Katika hao 9, wawili walichagua kulipa mzigo ukifika, na ulipofika wakaukataa mlangoni. Mmoja alirudisha cherehani ndani ya siku za kurudisha kwa sababu gurudumu lilikuwa limepinda. Duka halilipi komisheni kwa mauzo yaliyofutika, ndiyo maana wengi hushikilia pesa kwanza mpaka muda wa kurudisha uishe. Zikabaki oda 6, yaani shilingi 4,320. Kisha duka likakata kodi ya zuio ya asilimia 5, shilingi 216. Kilichobaki ni 4,104.

Hiyo kodi ina msingi wake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio kwa malipo ya maudhui ya kidijitali, kuanzia Julai 2023, na ikataja waziwazi komisheni inayotokana na wafuasi kubonyeza bidhaa. Kwa mkazi wa Kenya ni asilimia 5. Hizo 216 hazijapotea: zinahesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa unapojaza ritani yako ya KRA, ndiyo sababu uhifadhi cheti cha makato. Kama anayekulipa yuko nje ya nchi na hakukata chochote, bado pesa hizo ni mapato yako, na ni wewe unayepaswa kuyatangaza.

Ushauri wetu mdogo hapa: usihesabu oda, hesabu oda zilizothibitishwa. Kwenye ukurasa wa mpango wako kuna safu ya zinazosubiri na safu ya zilizoidhinishwa. Ya pili ndiyo pesa.

Kwa nini lazima useme

Sasa tufike kwenye kiini. Mfuasi anayekusikiliza anafikiri hivi: "Huyu fundi ameshona miaka mingi, akisema hii ni nzuri, ni nzuri." Anapima maneno yako kama ya mtu asiye na maslahi. Kama una maslahi na hujasema, amepima kwa mizani isiyo sawa. Huenda bado angenunua. Lakini angeuliza swali moja zaidi, ama angelinganisha na duka jingine kwanza. Nafasi hiyo ya kujiamulia ndiyo unayomnyima ukinyamaza.

Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa, na maelezo ya kupotosha si uongo wa mdomo pekee. Kunyamazia jambo la msingi pia kunahesabiwa, pale ambapo kunyamaza huko kunamdanganya mnunuzi. Kwa hivyo ile hoja ya "mimi sikusema uongo, nilinyamaza tu" haina mguu wa kusimamia.

Mbali na sheria, kuna mkataba wako. Amazon, kwa mfano, huwataka wanachama wa mpango wake watamke wazi kwamba wanapata mapato kutokana na manunuzi yanayokubalika. Kutosema ni kuvunja mkataba, na hilo linaweza kukufungia akaunti. Na kama una wafuasi wengi walio Marekani, jamaa zetu walio ughaibuni wakiwemo, ujue kwamba Tume ya Biashara ya huko, FTC, ina miongozo mikali kuhusu jambo hili.

Miongozo hiyo ina funzo moja zuri hata kwa asiyehusika nayo. Inasema kwamba maneno "linki ya afilieti" peke yake huenda yasitoshe, kwa sababu mtu wa kawaida hajui maana yake ni kwamba unalipwa. Fikiria mama yako akiyasoma. Angeelewa? Ndiyo maana sisi tunapendelea lugha ya moja kwa moja, inayotaja pesa.

Useme wapi, na useme vipi

Kosa tunaloliona sana ni hili: mwenye video anaandika tangazo lake mwishoni kabisa mwa maelezo, baada ya linki kumi, alama za reli na namba za kuwasiliana. Kwenye simu, maelezo ya YouTube huonyesha mistari michache tu ya mwanzo, mengine yanafichwa mpaka mtu abonyeze `...more`. Tangazo lililo mstari wa ishirini ni kama notisi iliyobandikwa nyuma ya mlango.

Fundi wetu alikuwa ameandika hivi, chini kabisa: "Baadhi ya linki ni za washirika." Washirika gani? Wa nini? Sentensi hiyo haisemi chochote. Akaibadilisha, akaipeleka juu, kabla ya linki ya kwanza:

"Ukinunua kupitia linki hizi, duka hunilipa komisheni kidogo. Bei yako haibadiliki. Cherehani nyeusi nilinunua mwenyewe. Mkasi nilipewa bure na duka."

Tazama jinsi maneno hayo machache yanavyofanya kazi. Yanasema nani analipa, yanasema mnunuzi haongezewi bei, na yanatenganisha kilichonunuliwa na kilichotolewa bure. Kupewa mkasi bure pia ni malipo. Wengi husahau hilo kwa sababu hakuna pesa iliyopita kwenye simu.

Kisha aseme kwa mdomo, ndani ya video, palepale anapotaja cherehani. Wengi hutazama bila kufungua maelezo kabisa, na wengine husikiliza tu huku wakifanya kazi. Sentensi moja inatosha: "Linki iko chini, na ukinunua hapo napata komisheni." Haichukui hata sekunde tano. Kama duka limemlipa atengeneze video ama limempa bidhaa, YouTube pia ina kisanduku cha kuweka alama unapopakia video, na watazamaji huonyeshwa maneno `Includes paid promotion` kwa sekunde 10 za mwanzo. Weka alama hiyo, lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu haisemi ni bidhaa gani wala nani amelipa.

Kwa wale wa video fupi: tangu tarehe 31 Agosti 2023, linki zilizo kwenye maelezo na maoni ya Shorts hazibonyezeki. Wengi huwaambia wafuasi waende kwenye video ndefu ama kwenye ukurasa wa chaneli. Hapo tangazo linafaa kurudiwa, maana anayefika huko huenda hakusikia ulichosema mwanzoni.

Bidhaa tatu mezani

Kusema ukweli kuhusu komisheni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchagua cha kuweka hapo. Hebu tumwekee fundi wetu bidhaa tatu mbele yake.

Ya kwanza ni ile cherehani nyeusi, asilimia 4. Anaijua. Ameishona kwa miaka, anajua vipuri vyake vinapatikana mjini na fundi wa kuitengeneza hakosekani. Anajua pia kasoro yake: ni nzito, na anayeishi nyumba ya kupanga ghorofa ya nne atapata shida kuipandisha.

Ya pili ni cherehani ndogo ya kushika mkononi, ya shilingi 1,500, komisheni asilimia 12. Kila moja ni shilingi 180. Ni ya bei rahisi, kwa hivyo itauzika haraka. Lakini fundi yeyote anajua shida yake. Nyingi za aina hiyo hushona kwa uzi mmoja, mshono wa mnyororo. Ukivuta ncha ya uzi isiyofungwa, mshono wote unafumuka kama sweta. Kitambaa kizito kama cha jinzi huishinda. Inafaa kubana pindo la pazia, basi. Wafuasi wake ni watu wanaojifunza kushona sare ili wauze. Mtoto akifumukiwa na sare shuleni, mzazi hatamlaumu aliyetengeneza kile kifaa. Atamrudia aliyemshonea, na huyo atamkumbuka aliyempa linki.

Ya tatu haina uhusiano na kushona. Ni apu ya mkopo inayolipa shilingi 150 kwa kila mtu anayejisajili na kukopa. Hapa hesabu inavutia. Watu 40 wakijisajili ni shilingi 6,000, na baada ya kodi ya asilimia 5 anabaki na 5,700. Hiyo inashinda zile 4,104 za cherehani, na hakuna mzigo wa kukataliwa mlangoni.

Lakini geuza hesabu uitazame kutoka upande wa wafuasi. Tuseme kila mmoja wa hao 40 amekopa shilingi 5,000 kwa siku 30, na gharama ya mkopo ni asilimia 15. Kila mmoja atalipa shilingi 750 juu ya aliyokopa. Wote pamoja, ni shilingi 30,000. Yaani ili fundi apate 5,700, wafuasi wake wametoa 30,000, na hawana cherehani wala sare ya kuonyesha. Wakichelewa, gharama inapanda.

Hatusemi mikopo ya simu ni mibaya. Tunasema mtu anayekuamini kuhusu mishono hajakuuliza kuhusu madeni, na wewe hujui mfuko wake. Kama bado unataka kuweka linki ya aina hiyo, angalau kagua kwanza kama mkopeshaji yuko kwenye orodha ya wakopeshaji wa kidijitali waliopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya, ambayo huchapishwa kwenye tovuti yake. Kwa apu za biashara ya fedha za kigeni, orodha ya kukagua ni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Asiyekuwa kwenye orodha, usimpe wafuasi wako.

Fundi wetu aliamua hivi: cherehani nyeusi ikabaki, na akaongeza kwenye maelezo kwamba ni nzito. Ile ndogo aliitengenezea video akionyesha mshono ukifumuka, bila linki. Ya mkopo aliikataa. Mapato ya mwezi huo yalikuwa kidogo kuliko ambavyo yangekuwa. Lakini aliyenunua kwake mwezi huo hatakuwa na sababu ya kumkwepa mwezi ujao anapotaja mashine ya kudarizi, na huko ndiko komisheni ya kudumu inakotoka.

Swali moja humsaidia kuamua, na unaweza kulitumia: komisheni ikiondolewa kesho, bado ningetaja bidhaa hii kwenye video? Kama jibu ni hapana, linki hiyo haifai kuwa hapo.

Baada ya kuiweka, usiisahau. Kwenye maduka yanayobeba wauzaji wengi, ukurasa uleule unaweza kubadilisha muuzaji, bei ama hata toleo la bidhaa, na video yako ya mwaka jana bado inaupeleka umati huko. Fungua linki zako mara moja kwa mwezi. Iliyobadilika, iondoe.

Kabla ya kulipa, na kabla ya kujiunga

Kwa wewe unayenunua: linki ikifunguka, soma jina la tovuti juu ya skrini kabla ya kugusa chochote. Linki zilizofupishwa huficha ziendako, kwa hivyo jina la mwisho ndilo la kuangalia. Ukilipa kwa simu, PIN huingizwa kwenye dirisha la malipo linalojitokeza kwenye simu yako, likionyesha jina la biashara na kiasi. Ukurasa wa duka ukikuandalia kisanduku cha kuandika PIN, huo ni mtego. Funga, na utupigie.

Kwa wewe unayetaka kulipwa: mpango wa kweli wa komisheni hukulipa kitu kikiuzwa. Haukuombi ada ya kujiunga, na haukulipi kwa sababu umeleta wengine walipe ada. Ukiambiwa utume shilingi 1,000 "kufungua akaunti ya komisheni", bidhaa inayouzwa hapo ni wewe. Na kumbuka, kupokea pesa kwenye simu hakuhitaji PIN yako hata siku moja.